Asilimia 140 ya tageti, lakini ya kazi ipi?

Je, wajua kwa nini muuzaji aliyefikisha asilimia 140 ya tageti anaweza kuachwa, na mwenye asilimia 90 akaitwa kwenye usaili?

Asilimia inaonyesha tu mtu alivyolikaribia au kulivuka lengo alilopangiwa na mwajiri wake. Lengo lilikuwa shilingi ngapi, kila dili lilikuwa kubwa kiasi gani na lilichukua muda gani kufungwa, hayo haiyataji. Mara ya kwanza nilipokabidhiwa wasifu wa waombaji wa kazi ya mauzo, niliupanga kwa asilimia, kubwa juu na ndogo chini, nikaona nimemaliza. Nilikosea, na kosa hilo bado naliona kwa watu makini kabisa.

Tuchukue mfano. Tangazo linatafuta mtu wa Dar es Salaam wa kuuzia hospitali na viwanda programu ya uhasibu na mishahara. Dili moja ni kama milioni 60, huchukua miezi 9 tangu mazungumzo ya kwanza mpaka mkataba kutiwa saini, na tageti ya mwaka ni milioni 360. Gawanya: ni dili 6 kwa mwaka.

Mwombaji wa kwanza anauza mashine za EFD kwa wenye maduka Kariakoo. Mashine moja kwake ni laki 6, na mteja huamua ndani ya wiki moja. Tageti yake ilikuwa milioni 120, yaani mashine 200, naye akauza 280. Hiyo ndiyo asilimia 140. Wa pili aliuza mifumo ya hospitali. Tageti ilikuwa milioni 300, akaleta milioni 270 kwa dili 5, kila moja likichukua miezi 8 hivi. Hiyo ndiyo asilimia 90.

Tofauti yao ni ya mkulima wa mchicha na mkulima wa muhogo. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu au nne. Ukikosea mbegu au maji, unaona mapema, unang'oa, unapanda tena, na mwaka ukiisha umeshapata nafasi kumi za kujirekebisha. Muhogo unakaa ardhini miezi 9 au zaidi, na majani mabichi hayakuhakikishii kilichomo chini. Mwenye muhogo anapaswa kulima shamba la pili kabla ya kuchimba la kwanza, maana akingoja, mwaka unaofuata hana cha kuvuna.

Dili la miezi 9 liko hivyohivyo. Muuzaji wa EFD anaongea na mwenye duka, na mwenye duka ndiye mwenye fedha. Wa hospitali ana mhasibu mkuu, mtu wa TEHAMA, kitengo cha manunuzi na bodi inayokutana mara chache kwa mwaka. Bodi ikiahirisha kikao, dili linasogea miezi mitatu bila kosa lake, na wakati huohuo lazima awe ameanzisha mengine.

Hapo ndipo asilimia 90 inapobadilika sura. Penye dili 5 au 6 kwa mwaka, dili moja ni karibu sehemu ya tano ya matokeo. Sahihi moja ikisogea kutoka Desemba kwenda Januari, mtu wa asilimia 108 anakuwa wa 90. Kwa haki ya yule wa Kariakoo, asilimia yake imejengwa na mauzo 280, kwa hiyo ni vigumu iwe bahati. Anajua kuuza. Ila wasifu wake hauonyeshi kama anaweza kulilea dili moja miezi tisa, na hilo litaulizwa kwa mdomo, si kukisiwa. Wapo wanaovuka vizuri kutoka mauzo ya haraka kwenda dili za miezi mingi.

Kuna mwombaji wa tatu ambaye ndiye huwapotosha wengi. Ameandika dili 7 za milioni 60, asilimia 120, inalingana na tangazo kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo. Tazama tarehe: alikaa pale miezi 11. Kama kila dili huchukua miezi 9, aliyoyaanzisha mwenyewe yangeweza kufungwa katika miezi miwili ya mwisho tu. Saba kwa miezi miwili ni nyingi mno. Huenda nyingi alizikuta mezani, zimeshalelewa na aliyemtangulia. Si lazima awe ameongopa, maana kufunga dili la kurithi nako ni kazi. Mwombe achague dili moja, ataje mwezi wa mazungumzo ya kwanza, nani alimpokea, nani alipinga na alilainishwaje. Aliyelianzisha mwenyewe atakusimulia mpaka kikao kilichovunjika. Aliyelirithi kwa kawaida ataanzia kwenye bei.