Biashara ndogo iseme lini, inyamaze lini

Kuamua kama biashara izungumzie jambo zito la umma ni kupima kwanza jambo hilo limegusa nini dukani: bidhaa, wafanyakazi au usalama wa wateja. Likigusa, una la kusema ambalo wengine hawana. Lisipogusa, mara nyingi unaongeza kelele tu na kujitafutia maadui.

Chukua Kenya, Juni 2024. Mswada wa Fedha ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate. Tuseme una bekari Nairobi na unauza mkate kwa shilingi 65. Kodi hiyo ingeongeza kama shilingi 10 kwa kila mkate. Hapo kunyamaza ni kosa, kwa sababu mteja atakuja kukulaumu wewe kwa bei. Ungeandika: “VAT ikipita, mkate wetu utafika takriban shilingi 75. Tumepeleka maoni yetu kwa Kamati ya Fedha ya Bunge.” Hakuna jina la mwanasiasa, hakuna tusi, kuna bei na hatua uliyochukua. Halafu ufuatilie. Tarehe 18 Juni kodi ya mkate ilitangazwa kuondolewa, na tangazo lako la zamani likiendelea kusambaa baada ya hapo, unapotosha watu.

Tarehe 25 Juni mambo yalibadilika. Waandamanaji waliopinga mswada huo waliingia Bungeni, na watu wakapigwa risasi wakafa. Sasa si suala la bei tena. Nani ajiuzulu, nani alaumiwe, bekari haina ujuzi wa pekee juu ya hayo, na wafanyakazi wake wenyewe huenda hawakubaliani. Siku kama hiyo tangazo linalohitajika ni la kazi: “Tumefunga mapema ili wafanyakazi wafike nyumbani salama. Walioagiza keki tutawapigia.”

Lakini kunyamaza ni kazi, na wengi hukwama hapa. Zima matangazo uliyoyapanga yajitume yenyewe. Ofa ya “nunua mbili upate ya tatu bure” ikitokea katikati ya picha za majeruhi, watu watapiga skrinishoti, na hakuna atakayeamini kwamba ilijituma. Angalia pia namba ya simu. Wengi wetu tunapokea oda kwa laini ileile tunayoweka status za WhatsApp, kwa hiyo maoni yako ya saa tano usiku yanasomwa kama maoni ya duka. Una haki kamili ya kuyatoa. Yatoe kwa laini yako binafsi. Na kama umewapelekea majeruhi mikate, usiiweke picha yao kwenye ukurasa wa duka. Hayo ni maumivu ya watu, si tangazo.

Kinga ya ukimya huisha jambo linapoingia ndani: mfanyakazi wako akiumia, akikamatwa, au mmoja wenu akimtukana mteja kwa kabila lake. Hapo zungumza na familia na wafanyakazi kwanza, kisha, familia ikikubali, andika sentensi mbili tatu kuhusu kilichotokea na mnachofanya.