Taima ya soketi na simu inayochajiwa usiku

"Nikiweka taima ikate umeme usiku, betri haitajaa kupita kiasi? Na chaja haitaharibika?"

Chaja haidhuriki, kwake ni sawa na kuchomolewa. Ila huko kujaa kupita kiasi hakutokei, kwa sababu simu yenyewe husimamisha chaji ikifika 100%. Kinachozeesha betri ni kukaa saa nyingi ikiwa imejaa, na zaidi ikiwa na joto, kama simu iliyolazwa chini ya mto.

Hapo taima inaweza kusaidia, lakini huhesabu saa tu, haioni asilimia. Chukua betri ya mAh 5000 iliyobaki na 30%. Kuifikisha 80% kwa chaja ya wati 5 huchukua kama saa mbili na nusu, tukihesabu umeme unaopotea kwa joto. Kwa muda huohuo, ukianza na 5% utaamka ukiwa na 55% hivi, au pungufu. Chaja ya kasi nayo itakuwa imeshaijaza zamani, kabla taima haijakata.

Kama simu yako ina mpangilio wa kuishia 80%, tumia huo: unapima betri yenyewe.