Video ya pilau kwa anayeanza kupika: nnavyoandika kichwa na maelezo yake

Video yangu ya kwanza ya pilau niliiita "PILAU TAMU SANA 😍😍 mapishi ya nyumbani", kwenye maelezo nikaandika karibuni sana wapendwa, msisahau kulike na kusubscribe, basi, nikaenda kulala. Kesho yake nafungua komenti nakuta maswali ni yale yale: kikombe gani hicho dada, maji kiasi gani, binzari ipi, mbona yangu imekuwa bokoboko. Na majibu yote yalikuwemo ndani ya video, nimeyasema kwa mdomo wangu, ila mtu aliyesimama jikoni na mikono ina kitunguu saumu hawezi kurudisha video nyuma mara tano kutafuta sekunde niliyotaja maji. Anachofanya ni kubonyeza maelezo kwa kidole kidogo kile kisafi asome, akikuta nimemwandikia karibuni wapendwa basi nimemwacha peke yake na sufuria.

Tangu hapo maelezo ya video nayaandika kabla hata sijawasha jiko.

Nianze na kichwa. YouTube inakupa herufi 100 kwenye kichwa, lakini kwenye simu mwisho wake mara nyingi unakatwa, kwa hiyo kitu muhimu kinatakiwa kikae mbele. Mtu ambaye hajawahi kupika pilau haandiki "pilau tamu sana" anapotafuta, utamu wa pilau anaujua toka mdogo, ameila kwenye harusi na sikukuu zote, anachoandika ni "jinsi ya kupika pilau". Alafu yuko na hofu yake, na hofu ya anayeanza kwenye pilau ni maji, viungo hata havimtishi kivile. Kichwa nilichokuja kuweka ni hiki:

Jinsi ya kupika pilau ya nyama kwa mara ya kwanza (vipimo vya vikombe)

Herufi 70. Mbele kuna maneno anayotafuta, katikati anajijua kwamba hii ni ya kwake, mwisho anaona kuna vipimo na vipimo vyenyewe ni vya vikombe maana wengi hatuna mizani nyumbani. Niliwahi kufikiria kuongeza "kwa dakika 30" kwa sababu naona vichwa vingi vinaandikwa hivyo, nikaacha, nyama ya ng'ombe peke yake kuchemka mpaka ilainike inaweza kufika saa nzima au zaidi, sasa mtu kaanza kupika saa sita na nusu watoto wanarudi saa saba, utakuwa umemwaibisha. Kama unataka kuweka dakika kwenye kichwa pika pilau ya kuku au ya nyama ya kusaga, hapo sawa.

Sasa maelezo, hapa ndo penye kazi. Nafasi ni kubwa, herufi 5,000, ila mtu anaona mistari michache tu ya mwanzo mpaka abonyeze kufungua. Ile mistari ya mwanzo mimi naiwekea kipimo chenyewe, salamu naipeleka mwisho:

```
Mchele vikombe 3, supu ya nyama vikombe 4 na nusu.
Pima mchele na supu kwa kikombe KILE KILE.
Supu ipimwe BAADA ya nyama kuiva.
```

Kila mstari hapo umetokana na pilau ya mtu iliyoharibika. Ule wa kikombe kile kile, kuna binti aliniandikia kwamba mchele alipimia kikombe cha chai na maji akapimia bilauri kubwa ya plastiki, akahesabu sawasawa kabisa na ikawa uji. Ukitumia chombo kimoja kwa vyote viwili ukubwa wake haukusumbui sana, hata bakuli sawa, kwa kila kimoja cha mchele unaweka kimoja na nusu cha supu. Ila chumvi na viungo hapo vinabadilika, kwa hiyo kidogo chini naandika kwamba kikombe changu ni cha mililita 250, na vikombe 3 vya mchele ni kama gramu 600, anayetumia bakuli kubwa ajue aongeze viungo.

Ule mstari wa supu kupimwa baada ya nyama kuiva ndo ulionisumbua zaidi kuuandika. Kwenye video mnaniona namimina maji vikombe 6 kuchemshia nyama nusu kilo, na mwanafunzi mwenye bidii anashika kalamu anaandika maji vikombe 6. Lakini baada ya saa nzima jikoni supu haijabaki vikombe 6, siku nyingine vinabaki 4, siku nyingine 3 na kitu, inategemea moto na mfuniko. Kwa hiyo unachuja supu, unaipima, ikipungua unajazia maji ya moto mpaka ifike 4 na nusu, ikizidi unaiweka pembeni unywe na ndimu. Hiyo sentensi nimeiandika kwenye maelezo kwa urefu wake wote, sikuifupisha, maana hapo ndipo pilau inapofia.

Alafu kuna limiti ya hicho kipimo na lazima niiseme humo humo. Mimi napikia mchele wa Mbeya, naloweka dakika 20, nachuja maji yote. Mchele mpya uliotoka kuvunwa juzi unataka supu pungufu, ule uliokaa ghalani muda mrefu unakunywa zaidi. Huwezi kujua mtu wa Mombasa au Muscat kanunua mchele gani, kwa hiyo badala ya kumwandikia namba kumi namwandikia alama ya kuangalia: supu ikishuka ukaona vitundu vitundu juu ya mchele na huoni tena maji yakichemka, punguza moto funika. Kama vitundu vimetokea na punje ukiibonyeza bado ina kiini kigumu, nyunyizia robo kikombe ya maji ya moto, ya moto kweli, sio ya bomba. Ikiwa bado imejaa supu na punje tayari imelainika basi hapo maji yamezidi, fungua mfuniko dakika chache yakauke na usiguse na mwiko, ukikoroga ndo unaivunja.

Viungo sasa. Hapa tatizo ni majina. Niliandika "binzari kijiko kikubwa 1", mama mmoja akanitumia picha pilau yake ni ya njano kabisa. Alienda dukani akasema naomba binzari akapewa manjano, na muuzaji hana kosa, kwa watu wengi binzari peke yake ndo hiyo ya njano, wengine wanapewa ile ya mchuzi. Siku hizi naandika "binzari nyembamba (uzile, au bizari ya pilau), zile mbegu ndefu nyembamba za kahawia". Faida yake ni mbili, mtu wa Zanzibar anayesema uzile anaelewa, na akitafuta kwa neno lake video inaweza kumfikia pia. Nikaongeza na mstari huu chini yake, kwamba rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu, mkaange mpaka kiwe kahawia kama ganda la karanga iliyokaangwa, kikiwa cha dhahabu tu pilau inatoka nyeupe, kikiwa cheusi inakuwa chungu na hakuna kiungo kitakachoiokoa, mwaga uanze upya na vitunguu vingine.

Baada ya hapo orodha yote naipanga kwa mpangilio wa kuingia kwenye sufuria, sio kwa ukubwa wala kwa alfabeti, mtu anasoma huku anapika: nyama nusu kilo, mafuta nusu kikombe, vitunguu maji vikubwa 3, kitunguu saumu na tangawizi vya kutwanga kijiko kikubwa kimoja kimoja, binzari nyembamba kijiko kikubwa 1, pilipili manga nusu kijiko cha chai, iliki 6, karafuu 6, kijiti 1 cha mdalasini, viazi 4, mchele, supu. Chumvi siandiki namba kabisa kwa sababu nyama ilishachemshwa na chumvi. Naandika hivi: supu ikishachemka kwenye sufuria, kabla ya mchele kuingia, ionje, iwe imekolea kidogo kuliko unavyopenda kunywa, mchele utaivuta.

Kitu cha mwisho kwenye maelezo ni zile saa za vipande vya video, zinazomwezesha mtu abonyeze aruke moja kwa moja mpaka anapopataka. Mara ya kwanza niliweka zikagoma kutokea nikadhani simu yangu ina shida, kumbe nilianzia 0:15. Lazima ya kwanza iwe 0:00, ziwe angalau tatu, zifuatane, na kila kipande kisipungue sekunde 10. Zangu ziko hivi:

```
0:00 Pilau ikiwa tayari
0:40 Vipimo vyote
2:05 Kuchemsha nyama na kupima supu
3:30 Rangi ya kitunguu
6:10 Viungo na viazi
8:00 Mchele unaingia
9:45 Kupalia
11:20 Kachumbari
```

Angalia sikuandika "hatua ya 1, hatua ya 2". Mtu aliyekwama anajua amekwama kwenye kitunguu, hajui kwamba kitunguu ni hatua ya ngapi. Hiyo 3:30 mpaka 6:10 ni kitunguu peke yake, niliikata kidogo sana makusudi ili aone rangi inavyobadilika mpaka afananishe na sufuria yake.

Hashtegi naweka tatu tu mwishoni, #pilau #mapishi #jinsiyakupikapilau, kwa sababu zinazoonekana pale karibu na kichwa hazizidi tatu, sioni haja ya kujaza thelathini.

Uzuri wa maelezo ni kwamba yanabadilishika hata baada ya video kutoka. Kwenye ile video kuna sehemu nasema "funika dakika 10" na kwa kweli ni 20, ulimi uliteleza, kuifuta video nzima nipike upya sikuweza, kwa hiyo nikaingia nikaandika mstari wa nne pale juu: "Marekebisho: dakika 9:50 nimesema dakika 10, ni dakika 20". Nikaweka na kwenye komenti nikaipini. Na swali likirudi mara ya tatu kwenye komenti silijibu tu pale chini, nalipandisha kwenye maelezo. Wiki iliyopita watu watatu wameuliza kitu kimoja, mimi napalia kwa makaa juu ya mfuniko na wao wana jiko la gesi tu, wafanyeje. Nimeongeza hivi chini ya vipimo: "Huna makaa? Tandika foili juu ya sufuria ndipo ufunike na mfuniko mzito, weka moto mdogo kabisa, chini ya sufuria weka kikaango kikavu au chuma cha kupikia chapati ili isiungue, dakika 20 usifunue."