Jina la timu ya roboti: yanayoaminiwa na yalivyo

Dhana: Timu na roboti yake zinaweza kutumia jina moja.

Ukweli: Timu inadumu, roboti hubadilika. Katika mashindano ya FIRST Robotics Competition mchezo mpya hutangazwa kila Januari, na roboti ya mwaka uliopita huwa haifai tena. Ndiyo maana timu namba 254 ya California, The Cheesy Poofs, imebaki na jina lake huku roboti ya 2014 ikiitwa Barrage na ya 2018 Lockdown. Jina la timu lichaguliwe kwa kuwafikiria hata wanafunzi watakaojiunga baada ya nyinyi kuhitimu.

Dhana: Jina lisipotaja umoja au ushirikiano, halionyeshi ushirikiano.

Ukweli: Umoja Roboti ni jina ambalo shule yoyote ingeweza kulichukua, kwa hiyo halielezi timu yenu. Chukua Siafu. Siafu wakubwa wenye taya husimama kandokando ya msafara wakiulinda, na wadogo hupita katikati wakibeba chakula. Timu ya roboti nayo hugawana kazi: kuna wanaoandika programu, wanaounganisha nyaya, wanaofunga mota na fremu, na anayeshika rimoti siku ya mchezo. Mkiulizwa na majaji kwa nini Siafu, jibu lenu litakuwa maelezo ya namna mnavyofanya kazi, na hayo ndiyo wanayotaka kuyasikia. Jina lenyewe halina alama.

Dhana: Werevu wa jina uko kwenye vifupisho na maneno magumu.

Ukweli: Kifupisho cha herufi saba humchanganya mtangazaji, na ukumbini kuna kelele nyingi. Lijaribuni jina hivi: mmoja alitamke mara moja huku wengine wakipiga gumzo, na mtu asiye wa timu aliandike alivyolisikia. Akikosea, tafuteni jingine.

Kwa roboti, werevu ni jina kushikamana na kazi yake. Tuseme mchezo wa mwaka huu ni kuokota mipira sakafuni na kuiweka juu ya rafu, na Siafu wametengeneza mkono mrefu unaojikunja. Mkonga ni jina zuri kwake: fupi, na mtazamaji akiuona mkono ukiinuka anaelewa papo hapo.

Hapa ndipo timu nyingi huteleza, kwa sababu hutoa jina wiki ya kwanza, kifaa kingali kwenye karatasi. Mkono ukishindwa kubeba uzito na kubadilishwa kuwa lifti inayopanda wima, Mkonga inabaki na jina la kiungo ambacho haina. Andikeni majina mawili matatu ubaoni, kisha subirini mpaka roboti iokote mpira na kuufikisha rafuni bila kusaidiwa. Siku hiyo pigeni kura, na aliyefunga skrubu awe na kura sawa na aliyeandika programu.