Safura: damu inayotoka bila kuonekana

Neno safura hubeba mambo mawili kwa pamoja: mnyoo, na hali anayomwacha nayo mtu. Kabla ya darubini kufika, watu walikuwa wanaijua ile hali: mtu amepauka, uso umevimba, hatua chache tu anahema, na mara nyingine anatamani kula udongo. Baadaye mdudu mwenyewe alipojulikana, akapewa jina la ugonjwa, ndiyo maana leo tunasema minyoo ya safura.

Mnyoo huyu ana urefu wa kama sentimita moja na wembamba wa uzi. Makao yake ni utumbo mwembamba. Anavuta kipande cha ngozi laini ya utumbo kikaingia kinywani mwake, anakikata, kisha anamwaga majimaji yanayozuia damu isigande. Hapo ananyonya. Baada ya muda anahama na kung'ata mahali pengine, na kwa kuwa yale majimaji bado yanafanya kazi, jeraha alilolihama huendelea kuvuja. Kwa hiyo damu inayopotea si ile aliyoinywa peke yake.

Wapo wa aina mbili wanaomsumbua zaidi binadamu. Nekata, ambaye ndiye ameenea zaidi, humpotezea mtu kama mililita 0.03 za damu kwa siku, yaani chini ya tone moja. Ankilostoma humpotezea kama mara tano ya hiyo. Tone moja halimtishi mtu, na ndiyo maana safura inahitaji hesabu ili ieleweke.

Tumchukue mtoto wa miaka 8, mwenye kilo 22. Mwili wake wote una damu kama lita moja na nusu hivi. Tuseme ana Nekata 100 tumboni. Hao kwa pamoja wanampotezea mililita 3 kwa siku, na kwa mwaka ni zaidi ya lita moja. Mwili unatengeneza damu mpya kila siku, kwa hiyo haimwishii mtoto. Kinachomwishia ni madini ya chuma, ambayo bila hayo himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, haitengenezeki.

Kila mililita ya damu ina chuma kama miligramu 0.4, kwa hiyo mililita 3 zinaondoka na miligramu 1.2. Sehemu yake hufyonzwa tena damu hiyo inapopita chini utumboni, basi tuseme hasara halisi ni 0.8. Kwenye chakula, mtoto huyu anafyonza kama miligramu 1 kwa siku, na kukua pamoja na matumizi ya kawaida ya mwili vinamla karibu 0.8. Minyoo nayo inataka 0.8 yake. Pengo ni miligramu 0.6 kila siku. Kama akiba yake ya chuma ilikuwa miligramu 100, itakwisha ndani ya miezi mitano na nusu.

Katika miezi hiyo yote, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kwamba mtoto ni mzima, maana akiba ndiyo inayotangulia kuliwa. Ikishakwisha, ndipo chembe nyekundu zinaanza kutoka ndogo na zilizopauka. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, himoglobini ikishuka chini ya gramu 11.5 kwa desilita huhesabiwa kuwa ana upungufu wa damu. Chini ya gramu 8 ni upungufu mkali.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalitegemei. Damu ikiwa nyepesi, kila mililita inayovuja inaondoka na chuma kidogo kuliko mwanzo. Hasara inapungua, na himoglobini inaweza kutulia kwenye gramu 8 au hata 7 na kukaa hapo miezi mingi. Moyo unaongeza mapigo, na mtoto mwenyewe anapunguza mbio bila kuambiwa. Hana homa wala haendeshi, na kwenye choo damu haionekani kwa macho. Kinachoonekana ni mtoto anayekaa kivulini wenzake wakicheza, kisha anaitwa mvivu. Mwaka 1902 Charles Stiles, mtaalamu wa vimelea, alipoeleza kwamba minyoo hii imeenea kusini mwa Marekani, magazeti ya Marekani yalimpachika mdudu huyo jina la kijidudu cha uvivu. Ukitaka kujua kama ni uvivu, weka kiganja cha mtoto kando ya kiganja cha mtu mzima wa afya, kisha vuta chini kope lake uangalie wekundu wa ndani. Kiganja kilichopauka kweli ni sababu ya kwenda kupima damu, ingawa upungufu mdogo hauonekani kwa njia hiyo.

Minyoo yenyewe hupimwa kwa kuhesabu mayai kwenye choo. Yule mtoto wetu, kama nusu ya minyoo wake ni majike na kila mmoja anataga mayai 6,000 kwa siku, anatoa mayai 300,000. Yakichanganyika na gramu 100 za choo, ni mayai 3,000 kwa gramu, kiwango kinachoitwa cha kati. Kikali huanzia 4,000. Lakini kwa kipimo cha Kato-Katz, ambapo choo hupakwa kwenye slaidi na kuangaliwa kwa darubini, mayai ya safura yana ganda jembamba na glisarini inayotumika huyafifisha. Slaidi isiposomwa ndani ya saa moja hivi, mtu anaweza kuambiwa hana minyoo ilhali wamejaa.

Kuhusu shule, chuma hakiko kwenye damu tu. Ubongo nao unakitumia kutengeneza kemikali za kupeleka ujumbe. Mtoto aliyepungukiwa huchoka kusikiliza kabla somo halijaisha. Pamoja na damu, protini nayo huvuja na hamu ya kula hupungua, hivyo kimo na uzito hubaki nyuma. Hata hivyo tusitie chumvi. Utafiti mkubwa uliofanywa Busia, Kenya, miaka ya mwisho ya 1990 ulikuta kwamba kugawa dawa za minyoo shuleni kulipunguza utoro kwa karibu robo, ila alama za mitihani hazikupanda, na wataalamu wangali wanabishana juu ya matokeo ya namna hiyo. Kwa maoni yangu sehemu ya jibu ni rahisi: dawa inapewa darasa zima, wenye minyoo 5 na wenye 200, na faida ya wale wachache walioathirika sana inamezwa na wastani.

Sehemu nyingine ni kwamba dawa inaua mnyoo lakini hairudishi chuma. Albendazoli ya miligramu 400, dozi moja, huwaondoa minyoo wengi wa safura. Mebendazoli dozi moja huwabakiza wengi. Baada ya hapo mtoto wetu bado anadaiwa akiba nzima, na akitegemea chakula peke yake itamchukua muda mrefu kuijaza. Ndiyo maana mwenye upungufu wa damu hupewa pia chuma, kama miligramu 3 kwa kila kilo kwa siku, kwake ni karibu 66, kwa miezi mitatu hivi chini ya uangalizi wa mhudumu. Baada ya mwezi mmoja himoglobini inapaswa kuwa imepanda angalau gramu 1. Isipopanda, ama hamezi vidonge, ama minyoo bado wapo, ama kuna jambo jingine kama malaria au selimundu. Na kama anakanyaga peku udongo uleule wenye kinyesi, viluwiluwi vya minyoo vitapenya tena kwenye ngozi ya miguu, vimwashe siku chache, na ndani ya wiki tano hadi nane mayai mapya yatakuwa yanatoka.