Karatasi ya mazoezi ya nyumbani baada ya kubadilishiwa goti: ni nini na inasomwaje?

Mgonjwa aliyewekewa goti bandia huruhusiwa kurudi nyumbani na karatasi ya mazoezi kutoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Ni dozi iliyoandikwa: zoezi gani, urudie mara ngapi, na uongeze lini. Wengi huifuata kama kalenda, wiki ya tatu ikifika wanahamia mazoezi ya wiki ya tatu. Wiki zilizoandikwa ni makadirio tu. Kinachoamua ni goti lenyewe, hasa hali yake asubuhi unapoamka.

Wiki mbili za mwanzo kuna kazi mbili: kunyoosha goti kabisa, na kulikunja lifike karibu nyuzi 90. Watu huhangaikia kukunja wakasahau kunyoosha, na goti lisilonyooka humwacha mtu akichechemea hata maumivu yakiisha. Kwa hiyo lala chali, weka taulo iliyoviringishwa chini ya kisigino, uliache goti lishuke kwa uzito wake dakika chache. Kisha kaza msuli wa mbele wa paja kana kwamba unaligandamiza goti kitandani, hesabu hadi 5, legeza, rudia mara 10. Mto chini ya goti unaleta raha, lakini usiuweke. Ukilala hivyo kila siku, goti linakakamaa likiwa limepinda. Kukunja ni rahisi kueleza: buruta kisigino polepole kuelekea makalio, shikilia kidogo, rudisha.

Kati ya wiki ya tatu na ya sita huja mazoezi ya kubeba uzito, na hapo ndipo watu huharakisha. Chukua mama anayesimama kutoka kitini mara 10 akijisukuma kwa mikono. Siku moja anaacha kutumia mikono, na siku hiyohiyo anaongeza kupanda kidaraja kifupi. Jioni goti linauma, jambo la kawaida. Lakini asubuhi limevimba na lina joto kuliko jana, na halikunjiki kama lilivyokuwa. Hiyo ni ishara kwamba dozi ilizidi. Aweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, arudie kiwango cha zamani siku mbili tatu, kisha aongeze kitu kimoja tu: aache mikono, kidaraja kisubiri. Kama angeongeza kimoja tangu mwanzo, angejua kipi kilimzidi. Asiache mazoezi kabisa, maana goti lililotulizwa muda mrefu linakakamaa.

Uvimbe unaopungua usiku ni wa mazoezi. Kidonda kinachotoa usaha, homa, au shavu la mguu linalovimba na kuuma ni mambo ya kumpigia daktari siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi zikikatika ghafla, nenda hospitali mara moja, kwani damu iliyoganda mguuni inaweza kusafiri hadi mapafuni.