Gawio la demografia: hesabu ya ajira ambayo wengi huiruka

Uzazi ukipungua, idadi ya watoto wa kulishwa na kusomeshwa hupungua, ilhali waliozaliwa wakati uzazi uko juu wanakuwa watu wazima. Kwa miongo kadhaa nchi inakuwa na wachapakazi wengi na wategemezi wachache. Ongezeko la pato linalotokana na hali hiyo ndilo wataalamu tunaloliita gawio la demografia. Tatizo ni kwamba piramidi ya umri, yaani mchoro wa idadi ya watu wa kila rika, huonyesha mikono iliyopo, haionyeshi kama mikono hiyo ina kazi.

Mtu akiniambia nchi fulani inakaribia kuvuna gawio, mimi huanza na hesabu hii fupi:

```
Y/N = (Y/L) × (L/W) × (W/N)
```

Y ni pato la taifa, N ni watu wote, L ni walio kazini, na W ni wenye umri wa kufanya kazi, kwa kawaida miaka 15 hadi 64. Kwa hiyo pato kwa kila mtu ni zao la mambo matatu: tija ya kila mfanyakazi, sehemu ya wenye umri wa kazi ambao kweli wana ajira, na sehemu ya watu wote walio katika umri huo. Demografia inagusa moja kwa moja hilo la tatu tu. Hayo mawili mengine yanaweza kulisindikiza, au yakalimeza lote.

Tuchukue nchi ya mfano yenye watu milioni 10. Nusu yao, yaani milioni 5, wako katika umri wa kazi, na asilimia 60 ya hao wameajiriwa au wamejiajiri: watu milioni 3. Tuseme kila mmoja anazalisha vipimo 100 kwa mwaka. Pato lote ni vipimo milioni 300, na kila mwananchi, mtoto na mzee akiwemo, anapata vipimo 30.

Baada ya miaka 20 watu wamefika milioni 15, na wenye umri wa kazi sasa ni asilimia 60, yaani milioni 9. Ikiwa ajira zimekwenda nao sambamba, walio kazini ni milioni 5.4. Hata tija isipopanda kabisa, pato linakuwa milioni 540, na fungu la kila mtu linapanda kutoka 30 hadi 36. Hiyo asilimia 20 ndiyo gawio. Ili ipatikane, zilihitajika ajira mpya milioni 2.4, au 120,000 kila mwaka, mbali na zile za kuziba nafasi za wanaostaafu.

Sasa tuseme ajira mpya zilikuwa 75,000 kwa mwaka. Katika miaka 20 hizo ni milioni 1.5, idadi ambayo serikali yoyote ingeitangaza kwa fahari. Walio kazini wamefika milioni 4.5, ambao ni asilimia 50 ya wenye umri wa kazi badala ya 60. Zidisha kwa 100, gawanya kwa watu milioni 15, unarudi kwenye 30 ileile. Ajira zimeongezeka kwa nusu nzima na gawio halipo.

Njia ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu haionekani. Pale ambapo hakuna fidia ya kukosa kazi, maskini hamudu kukaa bure. Wale watu 900,000 waliokosa ajira hawabaki nyumbani. Wanaingia kwenye uchuuzi ambao tayari umejaa, au wanagawana na ndugu zao shamba ambalo halikui. Wateja ni walewale na ardhi ni ileile, hivyo wanachofanya ni kugawana mauzo na mavuno yaliyokuwepo. Kwenye takwimu, walio kazini ni milioni 5.4 na kiwango cha ajira ni asilimia 60, safi kabisa. Lakini pato limebaki milioni 450, tija imeshuka kutoka 100 hadi karibu 83, na kila mtu bado anapata 30. Hasara ni ileile ya mfano uliotangulia, ila imehama kutoka safu ya ajira kwenda safu ya tija.

Ndiyo maana kiwango cha ukosefu wa ajira peke yake hakinitoshi. Kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya malipo au ya faida hata saa moja katika wiki ya utafiti anahesabiwa kuwa na ajira. Kigezo hicho kina sababu zake za kitakwimu, lakini hakikuundwa kupima gawio. Angalia badala yake saa za kazi kwa wiki, sehemu ya wafanyakazi wanaolipwa mshahara, na mwenendo wa tija katika kilimo na biashara ndogondogo. Tija ikishuka huku idadi ya wafanyakazi ikipanda katika sekta hizo, ujue zimegeuka ghala la watu waliokosa pa kwenda.

Je, ukuaji wa uchumi hautaleta kazi wenyewe? Inategemea unakua katika nini. Ikiwa pato linakua kwa asilimia 4 kwa mwaka, na kila asilimia moja ya ukuaji inaongeza ajira kwa nusu asilimia, basi ajira zinakua kwa asilimia 2. Katika nchi yetu ya mfano wenye umri wa kazi wanaongezeka kwa karibu asilimia 3. Pengo la asilimia moja linaonekana dogo, lakini kwa miaka 20 linazifikisha ajira karibu milioni 4.5 tu, yaani palepale gawio lilipopotea. Pato kwa kila mtu litapanda, ndiyo, ila kwa nguvu ya tija ya waliobahatika kuwa kazini. Uchimbaji wa madini na mafuta huwa na tabia hii: mtaji mwingi, wafanyakazi wachache.

Korea Kusini ilipita upande wa pili. Uzazi ulishuka kutoka watoto karibu 6 kwa mwanamke mwaka 1960 hadi takriban 2 mwaka 1983, na kipindi hichohicho viwanda vya nguo, viatu, mbao za plaiwudi na hata nywele za bandia viliuza nje na kuajiri vijana kwa wingi, wanawake wakiwa wengi mno. Soko la nje lilikuwa muhimu kwa sababu halikuwa na ukomo wa wateja wa nyumbani.

Tunisia nayo ilishusha uzazi kutoka karibu 7 hadi takriban 2 kufikia mwaka 2000, na ikasomesha vijana. Lakini viwanda vyake vya kuuza nje vilitaka zaidi washonaji na waunganishaji wa vipuri, wakati vyuo vilikuwa vikitoa wahitimu kwa maelfu. Kufikia mwaka 2010 ukosefu wa ajira kwa vijana ulikuwa karibu asilimia 30. Upande wa demografia ulikuwa umetimia; safu ya L/W ndiyo iliyokwama.

Jambo moja hurahisisha kazi ya wapangaji: atakayetafuta kazi miaka 15 ijayo ameshazaliwa. Hata uzazi ukishuka leo, idadi ya wanaoingia kwenye soko la kazi haitapungua mpaka watoto hao wachache wakue. Kwa hiyo chukua walio na miaka 5 hadi 9 kwenye sensa, toa makadirio ya vifo na uhamaji, kisha toa watakaostaafu. Kinachobaki, ukikizidisha kwa kiwango cha ajira unachokilenga, ndicho kiasi cha nafasi mpya kitakachohitajika, na unaweza kukiweka kando ya mpango wowote wa viwanda uone kama vinakaribiana.